Bei za vyumba kwa misimu katika gesti ndogo ya pwani ya Unguja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yote yanatumia gesti moja ya mfano: iko Jambiani, ina vyumba 8, na chai ya asubuhi imo ndani ya bei. Bei ya chumba cha watu wawili msimu wa juu ni dola 60, na tovuti inayoleta wageni inakata kamisheni ya asilimia 18. Kodi na ada za serikali tumeziweka pembeni, kwa hiyo kila bei hapa ni ile inayobaki baada ya kuzitoa. Chukua njia ya hesabu, kisha uweke tarakimu za nyumba yako.

## Misimu na hesabu ya mwanzo

1. Niwe na bei ngapi kwa mwaka mzima?

Nne zinatosha. Kilele ni kuanzia 20 Desemba hadi 5 Januari, dola 80. Msimu wa juu ni Julai na Agosti, pamoja na sehemu iliyobaki ya Januari hadi mwisho wa Februari, dola 60. Msimu wa kati ni Juni, Septemba, Oktoba na nusu ya kwanza ya Machi, dola 52. Msimu wa chini unaanza katikati ya Machi masika yanapokaribia hadi mwisho wa Mei, halafu Novemba hadi 19 Desemba wakati wa vuli, dola 45.

Mipaka hii haifuati mvua peke yake. Agosti hujaa kwa sababu Ulaya wako likizoni, na kilele cha Desemba hujaa hata kama mawingu yametanda. Nyumba iliyo Paje na yenye wageni wa mchezo wa kaiti baharini inapaswa kusogeza mipaka: upepo wa kusi unaanza kushika Juni, kwa hiyo Juni yao inaweza kuwa ya dola 60 wakati Jambiani bado ni ya kati.

Ukiweka zaidi ya bei nne, kosa litatokea mapokezi. Mtu anapiga simu akiulizia tarehe 28 Juni hadi 4 Julai, kijana anamtajia bei ya siku ya kwanza kwa siku zote, na bei iliyokwisha kutajwa ni vigumu kuirudisha. Bandika karatasi ya bei nne karibu na simu, na uandike sheria moja chini yake: kila usiku unalipiwa bei ya msimu wake.

2. Vyumba vikijaa, si ndiyo dalili kwamba bei iko sawa?

Hapana, kujaa ni nusu ya habari. Chukua Agosti: vyumba 8 kwa siku 31 ni usiku 248 wa kuuza. Umeuza 186, yaani umejaa asilimia 75. Vyumba vimeingiza dola 10,788, kwa hiyo wastani wa bei ni dola 58 kwa usiku uliouzwa.

Sasa gawa zile 10,788 kwa usiku wote 248, pamoja na usiku uliolala tupu. Unapata dola 43.50. Tarakimu hii ndiyo ya kuandika mbele kila mwezi, kwa sababu inabeba kujaa na bei kwa pamoja. Ukishusha bei ili ujaze, kujaa kutapanda na wastani utashuka, na hii ya tatu ndiyo itakayokwambia kama umepata au umepoteza. Hata hivyo nayo haioni kamisheni wala gharama, na msimu wa chini hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Swali la 3 linaeleza.

3. Mei vyumba viko tupu. Nishushe bei hadi dola 30?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na kila mwenye gesti anajua maumivu yake: wafanyakazi wapo, mvua inanyesha, na jioni taa inawaka chumba kimoja tu. Kabla ya kushusha, hesabu kinachobaki mkononi.

Kila usiku unaouzwa una gharama zake ambazo zisingekuwepo kama chumba kingelala tupu. Kwa nyumba yetu: chai ya watu wawili dola 7, kufua shuka na mataulo 2, umeme na maji 4, sabuni na vitu vidogo 1. Jumla dola 14. Mshahara wa mpishi haumo, kwa sababu unaulipa hata kama hakuna mgeni.

Kwa bei ya dola 45 kupitia tovuti, kamisheni inachukua 8.10, zinabaki 36.90. Toa 14, mkononi unabaki na dola 22.90. Kwa bei ya dola 30, kamisheni ni 5.40, zinabaki 24.60. Toa 14, unabaki na dola 10.60.

Tuseme kwa dola 45 unauza usiku 62 katika usiku 248 wa Mei, yaani asilimia 25. Unabaki na dola 1,420 hivi. Ukishusha hadi 30, na kweli wageni wakaongezeka, ukauza 87, sasa umejaa asilimia 35. Mapokezi wana furaha, mashine ya kufulia haipumziki. Lakini mkononi zinabaki dola 922 tu. Umefanya kazi zaidi na umepoteza karibu dola 500.

Ili dola 30 ikurudishe pale pale ulipokuwa, lazima uuze usiku 134, yaani asilimia 54. Bei imeshuka kwa theluthi moja, lakini wageni wanatakiwa kuwa zaidi ya mara mbili. Mei katika pwani ya mashariki wageni hao hawapo kwa bei yoyote: wengi waliokusudia kuja wakati wa masika wameshakata tiketi za ndege kwa sababu zao, na dola 15 ya chumba haiwezi kumtoa mtu kwao. Unachofanya kwa kushusha ni kumvuta mgeni wa jirani yako, naye jirani atashusha kesho yake.

Hali moja inabadilisha hesabu: kama mtaa mzima umeshashuka na wewe peke yako umebaki juu, na vyumba vyako ni vya aina moja na vyao. Hapo shuka kidogo, labda hadi 40, halafu angalia kwa siku kumi. Usiruke hadi 30 kwa siku moja.

4. Basi bei ya mwisho kabisa ni ipi?

Gawa gharama ya usiku mmoja kwa kinachobaki baada ya kamisheni: 14 kwa 0.82 ni dola 17.07. Chini ya hapo unamlipa mgeni alale kwako. Lakini 17 si bei ya kuuzia, kwa sababu godoro linachakaa, pampu inafanya kazi, na bomba la kuogea linaliwa na chumvi. Amua unataka kibaki angalau dola 10 kila usiku: 24 kwa 0.82 ni 29.27. Kwa hiyo kupitia tovuti sakafu ni dola 30, na kwa mgeni aliyepiga simu mwenyewe ni 24. Iandike, na asiwepo mtu wa kuivuka bila kukuuliza.

5. Je, ni bora kufunga Aprili na Mei?

Wengi hufunga. Gesti ndogo mara nyingi hufaidika zaidi kwa kufunga upande mmoja: vyumba vinne wazi, vinne vimefungwa. Ile asilimia 25 ya swali la 3 ni vyumba viwili kwa siku, kwa hiyo vinne vinatosha karibu kila usiku, na unaweza kupaka rangi upande wa pili bila kumkera mgeni.

Chumba kilichofungwa masika hakikai salama chenyewe. Unyevu unaingia kwenye magodoro, na baada ya wiki tatu unafungua mlango unapokewa na harufu ya ukungu. Simamisha magodoro kwa ubavu, yasiguse ukuta, acha milango ya makabati wazi, na siku jua linapotoka fungua madirisha yote tangu asubuhi hadi alasiri. Godoro moja lililoharibika linakula faida ya usiku mwingi wa Mei.

## Punguzo, tovuti na daftari

6. Kuna punguzo lisiloharibu bei?

Lipo: lile lenye sharti. Bei ya wazi ikishuka, kila mtu anaiona na kuikumbuka, pamoja na yule ambaye angelipa 45 bila kuuliza. Anaipiga picha kwenye simu na kukuonyesha Julai. Punguzo lenye sharti humfikia aliyefanya jambo lenye faida kwako.

Kwa Mei, sharti zuri ni urefu wa kukaa: alale usiku tano, alipe minne. Kwa bei ya 45 analipa dola 180, sawa na 36 kwa usiku. Akipitia tovuti, mkononi unabaki na 15.52 kila usiku. Akikupigia mwenyewe, unabaki na 22. Linganisha na 22.90 ya mgeni wa bei kamili wa tovuti: ni karibu sawa, na karatasi ya bei haijaguswa.

Mgeni wa nje naye ana sababu ya kukaa zaidi. Tangu 1 Oktoba 2024 analipia bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, awe anakaa usiku mitatu au kumi. Akikaa zaidi, gharama hiyo inatawanyika.

Njia nyingine ni kuongeza kitu badala ya kupunguza bei. Chakula cha usiku kimoja, pweza wa nazi na wali, kinaweza kukugharimu dola 8 kwa watu wawili, na mgeni akakithamini mara mbili ya hapo. Mpishi yupo tayari na mshahara wake unalipwa.

Usizoee kushusha dakika ya mwisho kila Alhamisi. Wageni wa ndani, hasa wa Dar es Salaam, hujua haraka sana nani anashusha Alhamisi, na wataanza kusubiri Alhamisi.

7. Nitajuaje mapema kwamba bei ya Agosti iko chini au juu?

Kwa daftari. Kila Jumatatu asubuhi andika usiku uliokwisha kuhifadhiwa kwa kila mwezi ujao. Mwaka wa kwanza tarakimu hizo hazisemi mengi. Mwaka wa pili unaweka ya leo kando ya ile ya Jumatatu kama hii mwaka jana, na hapo picha inajitokeza.

Kama mwishoni mwa Aprili Agosti imeshajaa asilimia 80, bei ilikuwa chini: vyumba vimechukuliwa na waliowahi, na wale wa Juni ambao wangelipa 68 wanakuta mlango umefungwa. Usisubiri ijae kabisa. Ikifika nusu mapema kuliko mwaka jana, pandisha vyumba vilivyobaki kwa dola 5, kisha 5 tena. Waliokwisha kuhifadhi waachie bei yao.

Kama mwanzoni mwa Juni Agosti iko asilimia 20 na mwaka jana ilikuwa 45, usikimbilie bei. Kwanza fungua tovuti kama mgeni na ujaribu kuhifadhi tarehe zako. Mara nyingi utakuta chumba kimefungwa kwa makosa, au sharti la Desemba la kukaa angalau usiku minne limebaki mpaka Agosti. Bei iwe ya mwisho kuigusa.

8. Desemba nimejaa, lakini nabaki na usiku mmojammoja tupu. Kwa nini?

Kwa sababu ulikubali usiku mmoja katikati. Mgeni amechukua tarehe 31 Desemba peke yake. Akaja mwengine anataka 27 hadi 3 Januari, chumba hakipo, akaenda zake. Umeuza usiku mmoja kwa 80 na kupoteza saba za dola 560.

Weka sharti la usiku minne kati ya 20 Desemba na 5 Januari. Halafu, na hapa ndipo wengi husahau, liondoe sharti hilo tarehe 10 Desemba kwa matundu yaliyobaki. Tundu la usiku miwili katikati ya bukingi mbili haliwezi kuuzwa kwa usiku minne hata ungengoja mpaka Pasaka.

## Wageni wanaorudi

9. Mgeni anayerudi kila mwaka apunguziwe kiasi gani?

Anza na anachokuachia. Mgeni mpya wa tovuti analipa 60, na unapokea 49.20. Mgeni anayerudi, akikuandikia kwa Wasapu, hana kamisheni. Ukimtoza 54 umempunguzia dola 6, na bado umepata 4.80 zaidi kuliko yule mpya. Punguzo lake limetoka kwenye kamisheni, halikutoka mfukoni mwako. Mpaka wake ni dola 50: chini ya hapo unaanza kulipa wewe.

Hata hivyo wageni wa namna hii hawarudi kwa ajili ya dola sita. Wanarudi kwa sababu ya chumba kile kile cha ghorofani, kijana anayejua kwamba bibi hanywi maziwa, na uhakika kwamba mahali pao pamewekwa. Mpe haki ya kuchagua chumba kabla ya tarehe kufunguliwa tovutini. Kwako haina gharama, na kwake ni kubwa kuliko punguzo.

10. Alikuwa analipa dola 50 kwa miaka minne. Sasa bei ni 60. Nitampandishiaje?

Polepole, na mapema, na kabla hajauliza. Mpandishe hadi 52 mwaka huu na 54 mwakani, na hapo abaki kwenye punguzo la kawaida la swali la 9. Kinachowaumiza wageni wa zamani ni kuikuta bei mpya siku ya kulipa. Ujumbe uwe mfupi na useme kila kitu, kwa mfano kwa mgeni wa Dar:

"Dada yetu, habari za siku nyingi? Familia haijambo? Chumba chako cha juu tumekuwekea Februari kama kawaida. Mwaka huu bei itakuwa dola 52, wageni wengine ni 60. Tunakishika mpaka tarehe 31 Agosti. Ukituma robo ya malipo kabla ya hapo, ni chako. Karibu sana."

Tarehe ya mwisho ndiyo yenye kazi. Bila hiyo chumba kinakaa kimeshikwa kwa maneno mpaka Januari, naye anakuja kusema mwaka huu hawaji.

11. Itakuwaje wanaorudi wakichukua vyumba vyote vya msimu wa juu?

Weka kiasi: katika vyumba 8, vitatu viwe vya wanaorudi kwa bei yao Julai na Agosti. Wa nne anakaribishwa kwa bei ya wote, na mwambie kwamba Septemba au Juni punguzo lake la kawaida lipo. Wengi ambao hawana watoto wa skuli wanakubali kusogea, na hapo umejaza msimu wa kati bila kumpoteza mtu. Kilele cha Desemba usitoe punguzo kabisa. Wape nafasi ya kuhifadhi kwanza.

12. Tovuti haitagombana nami nikitoa bei nafuu pembeni?

Soma mkataba wako. Kwa kawaida masharti ya usawa wa bei, yaani usiuze kwako chini ya bei ya tovuti, yanahusu bei inayoonekana hadharani. Ujumbe binafsi kwa mtu aliyekwisha lala kwako ni jambo jengine. Usichofanya ni kumwita mgeni aliyehifadhi tovutini leo avunje ili akulipe wewe. Huyo ni mgeni wao kwa safari hii. Safari ijayo ndiyo yako.

## Hali za pembeni

13. Ramadhani niiwekee bei yake?

Iwekee mstari wake kwenye kalenda, na bei ibaki ya msimu. Kila mwaka inarudi nyuma kwa siku kama 11, kwa hiyo siku hizi imeshaingia Februari, mwezi wa dola 60. Mgeni wa nje anaendelea kuja kwa ajili ya jua. Anayepungua ni mgeni wa ndani, naye hurudi kwa kishindo siku za Idi. Mwaka 2030 Ramadhani itaangukia mwanzoni mwa Januari, na nyingine itaanza mwishoni mwa Desemba mwaka huo huo, ndani ya kilele.

Gharama ndiyo inayobadilika: mgeni atakula mchana ndani kwako, kwa sababu mikahawa mingi ya kijijini imefungwa, na wafanyakazi wanataka kuondoka kabla ya magharibi. Mweleze mgeni haya kabla hajalipa. Aliyeelezwa hufurahia futari, na asiyeelezwa huandika malalamiko.

14. Wakaazi na wageni wa ndani walipe bei gani?

Bei ya shilingi, iliyoandikwa, yenye kuonyeshwa kitambulisho au kibali cha ukaazi. Iwe ya msimu wa chini na wa kati, na Julai na Agosti iwe kwa Jumapili hadi Alhamisi. Ikiwa haijaandikwa, kila mapokezi atakuwa na bei yake, na jamaa wawili wa mji wakikutana barazani watalinganisha.

15. Mtu anataka chumba mwezi mzima wa Mei kwa dola 25 kwa usiku. Hiyo si chini ya bei niliyoikataa?

Ni chini, na mkubalie. Kwa usiku 30 analipa dola 750 bila kamisheni. Bila chai ya asubuhi, na shuka zikibadilishwa mara moja kwa wiki, gharama yake inashuka hadi dola 6 hivi kwa usiku. Zinabaki 570. Chumba hicho hicho kikingoja wageni wa dola 45 kitauza wastani wa usiku nane Mei, na kukuachia dola 180 hivi.

Mtego uko mwisho wa mkataba. Mwezi mmoja huwa miwili, na ghafla ni Julai, mgeni wa 60 yuko mlangoni na yule wa 25 bado anaanika nguo kwenye veranda. Andika tarehe ya kutoka, isizidi 20 Juni, ili upate siku kumi za kukifungua chumba, kukipaka rangi na kulitoa godoro juani. Kama chumba kina kiyoyozi, umeme anunue mwenyewe.